Uzi: Orodha ya matangazo ya WhatsApp ina wateja 214, wanaopata ujumbe ni 71 tu. Nakosea wapi?

MamaVitenge_Arua
Habari za jioni wapendwa. Nauza vitenge hapa Arua, jumla na rejareja. Tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, wateja wangu karibu wote nawapata kwenye WhatsApp. Nina wa hapa mjini, wa Koboko, wa Ariwara upande wa Kongo, na wengine Yei na Juba.

Binti yangu alinitengenezea orodha ya matangazo, ile unabonyeza vidoti vitatu halafu `New broadcast`. Tuliweka watu 214. Alhamisi saa moja jioni nikatuma picha sita za mzigo mpya, kila pisi yadi 6, pamoja na bei. Nikakaa kusubiri. Waliojibu ni kumi na wawili. Jumamosi mteja wangu wa miaka mingi akapita dukani akaona kitenge cha bluu kimebaki pisi moja, akanikasirikia: "Mama, mbona hukuniambia?" Jina lake limo kwenye orodha, nimelitazama kwa macho yangu. Nilimwonyesha simu na bado hakuniamini.

Sasa naomba anayejua anieleze. Orodha imejaa? Picha ni nzito? Au mimi ndiye nakosea?

Kijana_wa_Kikuubo
Mama, orodha moja inachukua watu 256, hapo ndipo shida ilipo. Ukikaribia kujaa, wengine wanarukwa. Gawa orodha mbili za watu mia mia, watapata wote. Mimi hapa Kampala nina orodha nne na biashara inakwenda.

Fundi_Ediofe
Kijana, 256 ni kweli, na ni kweli pia kwamba unaweza kuwa na orodha zaidi ya moja. Lakini hakuna anayerukwa kwa sababu orodha inakaribia kujaa. Ukifika 256 simu inakataa kuongeza wa 257, basi. Mama ana 214, nafasi bado ipo. Hata akigawa orodha kumi, wasiopata leo hawatapata kesho.

Mama, shikamoo. Kabla sijasema kitu nataka utazame jambo moja. Fungua ile orodha, shikilia kidole juu ya picha mojawapo uliyotuma, halafu gusa alama ya `i` au `Info`. Utaona majina chini ya `Read by` na mengine chini ya `Delivered to`. Yahesabu yote mawili kwa pamoja. Usihesabu waliojibu, maana wengi husoma na kunyamaza, na wengine wamezima tiki za bluu, hivyo hata wakisoma utawaona kwenye `Delivered to` tu.

MamaVitenge_Arua
Marahaba mwanangu. Usiku ule wa Alhamisi nilihesabu 71, ndiyo nikaandika hapo juu. Nimehesabu tena sasa hivi, ni 83. Kwa hiyo wameongezeka 12, nadhani simu zilikuwa zimezimwa. Lakini 131 hakuna kitu.

Mwalimu_Koboko
Kwa nini usifungue grupu tu? Grupu linachukua hadi watu 1,024 na ujumbe unafika kwa wote. Sisi shuleni tuna grupu la wazazi na halijawahi kutusumbua.

Binti_Busia
Mwalimu, wazazi hawashindani. Mimi nauza viatu vya mtumba hapa Busia, niliweka wateja 90 kwenye grupu. Kila mmoja akaona namba za wote. Wiki ya pili kuna mtu aliyekuwa amejifanya mteja akaanza kuwapigia wateja wangu mmoja mmoja, "mimi nakupunguzia elfu tano". Tena bei ninayompa mtu wa jumla na ya rejareja si moja, kwenye grupu mmoja akiuliza wote wanasikia. Nililivunja mwezi ule ule.

Kwenye orodha ya matangazo mteja anapata ujumbe kama umemwandikia yeye peke yake. Haoni wengine ni akina nani, na jibu lake linakuja kwako tu.

Fundi_Ediofe
Binti kasema sawa, na hiyo ndiyo sababu namwambia mama asiiache orodha.

Sasa sharti lenyewe. Ili mtu apate ujumbe wa orodha ya matangazo, ni lazima yeye awe ameisevu namba yako kwenye simu yake. Wewe kumsevu yeye hakutoshi. Kumsevu kunakusaidia kumchagua wakati wa kutengeneza orodha, lakini mlango wa upande wa pili anaufungua yeye. Asipokusevu, ujumbe unaondoka kwako, unaonyesha tiki moja, na hapo unabaki. Simu haikuambii kwamba umekwama. Ndiyo maana jina la mteja wako limo kwenye orodha na hakupata kitu. Nyote wawili mlisema kweli.

MamaVitenge_Arua
Lakini huyo mteja tunaandikiana kila wiki! Nikimwandikia peke yake inafika, tiki mbili.

Fundi_Ediofe
Hiyo ndiyo dalili yenyewe, mama. Ujumbe wa mtu mmoja kwa mmoja hauhitaji kusevu, wa orodha unahitaji. Sasa fanya hivi: chagua watu kumi kutoka wale 131. Kila mmoja mwandikie mwenyewe, kwa jina lake, neno la kawaida. Kisha fungua mazungumzo yake utazame. Ujumbe wako mpya ukipata tiki mbili na ile picha ya Alhamisi iliyo juu yake ikabaki na tiki moja, huyo karibu kwa hakika hajakusevu. Vyote viwili vikibaki na tiki moja, basi simu yake imezimwa, au ameacha ile laini, au amekublock.

Usiwaandikie wote 131 leo. Kumi tu. Tunatafuta sababu kwanza.

Kijana_wa_Kikuubo
Mama hamia WhatsApp Business. Huko hakuna hayo mambo ya kusevu, na 256 haipo.

Fundi_Ediofe
Hapana ndugu yangu. Ile programu ya Business ya kupakua bure ina lebo, ina katalogi na majibu ya haraka, vitu vizuri. Lakini orodha yake ya matangazo ni hii hii: 256, na sharti la kusevu liko pale pale. Unachokisikia wewe ni ule mfumo wa kampuni kubwa, benki na wenzao, wanaolipia jumbe na kutumia maandishi yaliyoidhinishwa kwanza. Si ya duka la vitenge.

Kijana_wa_Kikuubo
Sawa. Lakini kuna programu za kutuma kwa wingi, unaweka namba elfu moja inatuma yenyewe. Wengi hapa Kikuubo wanatumia.

Afande_Mstaafu
Mimi nilitumia kitu kama hicho mwaka juzi kwa biashara yangu ya mbegu. Kijana mmoja aliniwekea WhatsApp isiyo rasmi iliyokuwa na uwezo huo. Siku ya tatu namba ikafungwa. Niliomba itazamwe upya, ikakataliwa. Namba ya miaka tisa, wateja wote humo, mpaka wanakijiji wenzangu. Nilianza upya kama mgeni. Mama usiguse hiyo kitu.

Na nikiwa hapa niseme la mteja. Kuna muuzaji mmoja alikuwa ananitumia picha asubuhi, mchana na jioni, nyingine zinajipakua zenyewe zinamaliza bando. Nilimwomba aniondoe. Hakuniondoa. Kwenye orodha ya matangazo mimi mpokeaji sina kitufe cha kutoka kama kwenye grupu. Nilichoweza ni kumblock, na nikamripoti.

Binti_Busia
Afande amesema jambo kubwa. Aliye na uwezo wa kumtoa mtu ni mwenye orodha peke yake, kwa `Edit recipients`. Mimi mtu akiniambia nitoe, namtoa kabla sijaweka simu chini. Na tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, inampa mtu haki ya kukataa data zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Haisemi ni kwa kampuni kubwa tu.

Kijana_wa_Kikuubo
Lakini mkisubiri mtu akubali hamtauza. Mimi natuma kila siku na wanaonunua wananunua.

Afande_Mstaafu
Wanaonunua unawaona. Waliokublock huwaoni.

MamaVitenge_Arua
Nimerudi. Nimewaandikia kumi kama Fundi alivyosema. Hivi ndivyo ilivyo.

Saba: neno langu tiki mbili, picha za Alhamisi tiki moja. Kumbe hawajanisevu. Wawili: tiki moja kwenye vyote. Nimepiga simu, mmoja laini haipatikani, mwingine mtoto wake kasema mama alibadilisha namba tangu mwaka jana.

Wa kumi ndiye amenichanganya. Ni mfanyabiashara wa Ariwara, mzee wa Kilingala na Kiswahili safi. Ameniapia kwamba amenisevu, akanitumia picha ya skrini: "Mama Kitenge Arua" na namba yangu chini yake. Namba ni sahihi, sifuri saba mpaka mwisho. Lakini picha zangu hazikumfikia.

Fundi_Ediofe
WhatsApp yake ameiandikisha kwa laini ya Kongo au ya Uganda?

MamaVitenge_Arua
Ya Kongo. Inaanza +243.

Fundi_Ediofe
Basi hapo ndipo penyewe. Namba iliyosevuwa bila msimbo wa nchi, WhatsApp huichukulia ni ya nchi ile ile ya namba ya mwenye simu. Simu ya mzee inapoona 07, inadhani ni mtu wa Kongo, inaitafuta kwenye +243. Kwa simu yake, wewe hujasevuwa. Mwambie aifute ile sifuri ya mwanzo na aandike +256 mbele:

```
+2567XXXXXXXX
```

Wateja wako wa Yei na Juba ni vivyo hivyo, wao ni +211. Lakini kuna watu wengi upande wa pili wa mpaka wanaotumia laini za Uganda. Hao 07 inatosha, usiwasumbue.

Dereva_Ariwara
Naam! Mimi napeleka mizigo Ariwara kila wiki na hii imenitokea kinyume. Nilisevu watu wa Kongo kwa sifuri tu, nikawa nawatafuta kwenye WhatsApp siwaoni, nikidhani hawana WhatsApp. Mpaka leo nilikuwa sijui sababu. Asante Fundi.

Swali langu: je, mtu akinitumia matangazo naweza kujua ni wangapi wengine wametumiwa?

Binti_Busia
Hapana. Hujui wangapi wala akina nani.

MamaVitenge_Arua
Mzee wa Ariwara amerekebisha. Nimetengeneza orodha ndogo ya majaribio, yeye na binti yangu tu, nikatuma "tunajaribu". Tiki mbili palepale! Nimefurahi sana.

Lakini wale saba bado wananiuma, maana ni wateja wa siku zote. Nimemwuliza mmoja kwa upole, "Mama, umenisevu kweli?" Akasema ndiyo, nimekusevu tangu zamani. Nikamwomba anisomee namba. Akasoma namba yangu ya malipo! Nina laini mbili. Moja ndiyo ya WhatsApp, nyingine ni ya kupokelea pesa, na hiyo ya pesa ndiyo imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani dukani. Nimewauliza wengine. Kati ya wale saba, wanne wamesevu namba ya malipo.

Fundi_Ediofe
Mama, umejiponya mwenyewe. Hiyo mimi nikiwa mbali nisingeijua.

Mteja anakulipa, anasevu namba aliyolipia, anaona kazi imeisha. Halafu wewe unamwandikia kutoka namba nyingine. Anakujibu kwa sababu ujumbe uko mbele yake, hana haja ya kusevu.

Leo kabla ya kufunga duka, andika namba ya WhatsApp ukutani pembeni ya ile ya malipo, na uiandike na +256. Kisha wale waliobaki waandikie kidogo kidogo, ishirini kwa siku, kuanzia walionunua karibuni. Kila mmoja kwa jina lake. Usibandike maneno yale yale kwa watu mia kwa saa moja, maana watu wasiokusevu wakianza kukuripoti, inakufika ile ya Afande.

Kijana_wa_Kikuubo
Atume linki tu, iwe rahisi. Kama hii:

```
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Nimesevu
```

Mteja anagusa, anajibu, imekwisha.

Binti_Busia
Linki ni nzuri, mimi ninayo. Lakini inafungua mazungumzo tu, haisevu namba. Mtu anaweza kugusa, akatuma neno "Nimesevu" lililokwisha kuandikwa, na asiwe amesevu chochote. Bora mama amtumie namba yake kama kontakti, ile kadi yenye jina, mteja aguse aongeze kwenye simu. Mimi huwa nafanya hivyo mtu akiwa bado amesimama mbele yangu, ninapomfungia viatu kwenye kaveera. Nasubiri nione anasevu.

Mwalimu_Koboko
Samahani narudi na la kwangu. Kutokana na huu uzi nimetengeneza orodha ya wazazi 60 wa darasa langu. Nimetuma tangazo la mkutano na swali "mtakuja?" Sasa nina mazungumzo 41 tofauti, wengine wanauliza karo, wengine wanasimulia ugonjwa wa mtoto. Kuna namna ya kuwafanya wajibu mahali pamoja?

Binti_Busia
Mahali pamoja ni grupu, mwalimu. Orodha ndivyo ilivyo: unatuma mara moja, unajibu mara 41. Kwa wazazi grupu lako la zamani linakufaa zaidi.

MamaVitenge_Arua
Narudisha majibu, imepita wiki.

Niliandika watu 80 kwa siku nne, ishirini ishirini. 52 walisema wamesevu. Tisa waliniambia niwatoe, wengine wameacha kuvaa vitenge, wengine wamehama; nimewatoa siku ile ile. 19 hawajajibu, nimewaacha kwanza. Hivyo orodha imebaki na watu 205.

Alhamisi nikatuma tena. Safari hii picha tatu badala ya sita, kwa sababu ya lile neno la Afande kuhusu bando. Ijumaa saa sita mchana nikahesabu kwenye `Info`: 129. Wiki iliyopita ilikuwa 83. Yule mteja wa kitenge cha bluu amepata, amenunua pisi mbili, na ameniita mwongo kwa mara ya mwisho.

Lakini kati ya 52 waliosema wamesevu, sita hawajapata. Wawili nimewapigia, wamesevu namba ya malipo tena! Wanne nimeshindwa kuelewa. Wako hapa hapa Arua, laini za Uganda, nikiwaandikia peke yao tiki mbili.

Fundi_Ediofe
Mmoja akipita dukani omba uione simu yake. Wakati mwingine mtu amesevu namba ikiwa na tarakimu moja imekosewa, au simu imenyimwa ruhusa ya kuonyesha kontakti kwa WhatsApp. Hiyo ya pili utaiona upesi: mazungumzo yake yote yanaonyesha namba tupu bila majina.

Kijana_wa_Kikuubo
Mimi nimekwenda kuhesabu zangu baada ya kusoma haya. Orodha ya kwanza, watu 230. Waliopata 64. Na huwa natuma kila siku. Mama, hiyo kadi ya kontakti unaituma kabla ya ujumbe au baada?

MamaVitenge_Arua
Namsalimu kwanza kwa jina, namkumbusha alichonunua, halafu kadi, halafu namwomba. Mama wa vitenge vya harusi hakukataa hata mmoja.

Bado nina swali la wateja wa Juba. Wengi hawasomi Kiswahili, wanazungumza Kiarabu cha Juba. Niwatenge kwenye orodha yao nitume sauti badala ya maandishi, au niwaache humu humu?

Dereva_Ariwara
Watenge mama. Na wa Ariwara pia, bei yao uiandike kwa faranga au dola, shilingi zinawachanganya.

Binti_Busia
Mimi ningewaacha pamoja mpaka hao 76 ambao bado hawapati wapungue. Orodha nyingi bila kujua nani anapata, utachanganyikiwa.